Milimita Tatu kwa Mwezi

Ukucha wa mkono hukua karibu milimita tatu kwa mwezi. Ni moja ya zile fakti unasoma mahali na kuisahau, mpaka siku yako inakuhusu. Mimi nilianza kupima wangu na rula ya plastiki ya shule, ile ya shilingi ishirini, kila Jumapili asubuhi, kwa sababu nilitaka kujua kama kidole changu cha kati, mkono wa kulia, kitarudi kuwa kidole au kitabaki vile cha fundi wetu mkuu kilivyobaki. Kidole chake kimoja kina ukucha uliopinda mbele kama mdomo wa kasuku. Ukimpa bolti ndogo aiokote mezani, anatumia kidole kingine. Miaka kumi na kitu imepita na bado anatumia kidole kingine.

Nilikuwa na wasiwasi huo kwa sababu ninaishi kwa vidole viwili tofauti. Nikiwa na bahati, naandika: makala, matangazo ya redio, maneno ya tovuti za watu wanaolipa baada ya siku sitini. Bahati ikikauka, na hukauka sana, naenda kubeba na kupiga msasa kwenye karakana moja ya mageti huko Kariobangi Laiti, mia nane kwa siku, jioni mkononi. Niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo hakuna karatasi ya kunitetea mahali pengine. Kazi zote mbili zinapitia ncha za vidole.

Kabla ya kueleza kilichotokea, shika ncha ya kidole chako sasa hivi, uibonye. Upande wa chini, ule wa alama za vidole, kuna nyama laini, mafuta, mto mzuri. Upande wa juu hakuna mto. Kuna ukucha mgumu, chini yake utando mwekundu mwembamba unaoitwa kitanda cha ukucha, na mara moja chini yake mfupa. Utando umelala moja kwa moja juu ya mfupa, kama shuka iliyotandikwa juu ya simiti. Kitu kizito kikianguka hapo, ukucha unausukuma utando ule dhidi ya mfupa, na utando unapasuka vile nyanya hupasuka ukiikanyaga: si kwa kukatwa, ni kwa kufinywa mpaka ukose pa kwenda. Mara nyingi ncha ya mfupa nayo inavunjika vipande vidogo. Ndiyo maana jeraha dogo hivi linauma kushinda mguu uliovunjika, na ndiyo maana kuliangalia tu kwa juu hakukuambii kitu. Kilichoharibika kiko chini ya ukucha.

Nyuma zaidi, chini ya ngozi pale ukucha unapoingilia, ndiko kuna kiwanda. Ile nusu-mwezi nyeupe unayoiona kwenye kidole gumba ni ukingo wa kiwanda hicho. Huko ndiko ukucha hutengenezwa na kusukumwa mbele. Kitanda kikipasuka, unaweza kupata ukucha wenye matuta au usioshika vizuri. Kiwanda kikiharibika na kuacha kovu, ukucha unaweza kutoka ukiwa umepasuka katikati maisha yako yote. Kwa hivyo swali la kwanza si "damu ni ngapi?" bali "ni wapi?"

Yangu ilikuwa Septemba, Alhamisi, tukipakia geti la jani mbili kwenye pikapu. Tulikuwa wanne. Geti lilikuwa limeegemea kipande cha mbao juu ya ukingo wa karia, na mbao ile ikateleza. Uzito wote ulishuka sentimita chache tu. Kidole changu kilikuwa kati ya bomba la chuma la inchi mbili na ukingo wa pikapu. Sikupiga kelele. Nilisikia sauti kama ya kuvunja njugu, halafu joto, halafu hakuna kitu kwa sekunde kama tano, halafu kila kitu.

Wasee wa jua kali wanapenda kusaidia, na hilo ndilo tatizo la dakika kumi za kwanza. Mmoja alikuja na petroli kwenye kifuniko cha chupa, kwamba inaua wadudu. Mwingine alisema twende kwa mashine ya gari tupate oili ya breki, ndiyo dawa yao ya kila kitu. Kijana tuliyekuwa tunabeba naye, ambaye alikuwa anatetemeka kushinda mimi, aliona ukucha umeinuka upande mmoja akataka kuung'oa "umalize mara moja." Aliyeokoa kidole changu ni mama anayetuuzia chai. Alisema, "Wacheni huyo mtoto. Wewe, kuja hapa," na akanivuta mpaka kwa mtungi wake wa maji ya kunywa.

Alichofanya, bila kujua ni cha kitabuni, ndicho ningekwambia ufanye. Kwanza alinitoa pete. Nilikuwa na pete ya shaba kwenye kidole cha pembeni na alisisitiza itoke kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu mkono mzima ungevimba, na pete ikikwama kwenye kidole kilichovimba inakuwa kamba ya kunyonga. Baadaye hutoki bila kukatwa na msumeno. Pili, alimimina maji safi juu ya kidole, mengi, kama lita mbili, polepole, mpaka weusi wa grisi na vumbi la chuma ukapungua. Hakusugua. Hakutia spiriti, hakutia chumvi, hakutia kahawa. Petroli na spiriti kwenye nyama iliyo wazi zinachoma nyama ambayo mwili ulikuwa bado unaweza kuiokoa, na oili inaingiza uchafu pale pale unapotaka usafi.

Tatu, alichukua leso safi iliyopigwa pasi, ile anayofunikia mandazi, akaikunja na kuibana kwenye jeraha, akaniambia nishikilie mwenyewe na mkono mwingine na niinue mkono juu ya moyo. "Usifungue kuangalia," alisema. Hilo ni muhimu kushinda linavyosikika. Damu ya kidole huacha kutoka ukibana sawasawa dakika kumi hadi kumi na tano bila kuachia. Ukifungua kila dakika moja kuchungulia, unavunja donge lililokuwa linaanza kuganda na unaanza upya. Hakuna haja ya kufunga kamba au mpira kwenye kidole. Watu hufanya hivyo kwa nia nzuri, halafu foleni ya hospitali inakuwa ya saa nne na kidole kinakosa damu saa hizo zote.

Kuhusu ukucha ulioinuka: uache. Hata kama unaning'inia. Ule ukucha ni bandeji ya asili juu ya kitanda kilichopasuka, na ukiung'oa kwa nguvu unaweza kuondoka na vipande vya kitanda vilivyoshikana nao. Na kama kipande cha ncha kimekatika kabisa, kiokote. Kisuuze, kifunge kwenye kitambaa safi chenye unyevu, kitie kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, halafu mfuko huo ndio uwekwe juu ya barafu. Nyama isigusane na barafu yenyewe wala isielee kwenye maji. Hata kama hakitarudishwa kama kilivyokuwa, mara nyingine daktari hutumia ngozi yake au ukucha wake.

Sasa, si kila kidole kilichofinywa kinahitaji hospitali kubwa. Ukijibana na mlango wa matatu, ukucha ukabaki mzima na kingo zake zote zimekaa mahali pake, lakini chini kumejaa damu nyeusi, maumivu yale ya kudunda ni presha ya damu iliyokosa njia. Daktari au nesi anatoboa tundu dogo juu ya ukucha kwa sindano au kwa ncha ya moto, damu inatoka, na unapata nafuu papo hapo, kwa sababu ukucha wenyewe hauna hisia. Zamani iliaminika kwamba damu ikijaza zaidi ya nusu ya ukucha ni lazima ung'olewe ili kitanda kikaguliwe. Siku hizi, kama ukucha na kingo ni nzima, kutoboa peke yake hutosha kwa wengi. Lakini usijitobolee nyumbani na waya ya stapla uliyoipasha kwa jiko la gesi. Mfupa ukiwa umevunjika chini, umefungulia vijidudu mlango wa kuingia kwenye mfupa.

Unaenda hospitali siku hiyo hiyo ikiwa ukucha umeng'oka au umetoka kwenye shina lake, kitanda kimepasuka wazi, ncha imepinda, huwezi kuinyoosha, au haina hisia. Hilo la kunyoosha ni rahisi kupima: weka mkono mezani, jaribu kuinua ncha ya kidole peke yake. Ikining'inia kama kichwa cha mtu aliyesinzia kwenye matatu, mshipa unaoinyoosha umekatika au umeng'oka na mfupa, na hiyo ina matibabu yake tofauti ya kufungwa ubao wiki nyingi. Yangu iliinuka. Ukucha, hata hivyo, ulikuwa umekatika vipande viwili na shina lilikuwa limechomoka nje ya ngozi.

Nilipanda boda hadi hospitali ya umma huku huku Eastlands. Mkono juu njia nzima, kama mwanafunzi anayetaka kujibu swali. Foleni ilikuwa ya kawaida, maanake ndefu. Eksirei ilionyesha ncha ya mfupa imepasuka vipande vitatu vidogo, kama biskuti iliyobanwa kwenye mfuko. Klinikal ofisa aliyeniona, dada wa umri wangu hivi, aliniambia hiyo ndiyo habari nzuri: vipande viko mahali pake, havihitaji waya, kitanda cha ukucha kikishonwa vizuri kitavishikilia vyenyewe. Aliniuliza nilidungwa pepopunda lini. Sikukumbuka sindano yoyote tangu shule ya msingi. Kwa jeraha chafu la kazini, kama miaka mitano imepita tangu sindano ya mwisho unadungwa tena, kwa hivyo nilidungwa.

Halafu ganzi. Nitasema ukweli, hii ndiyo sehemu iliyouma kushinda geti. Sindano mbili za lignokaini kwenye shina la kidole, moja kila upande, kwa sababu neva zinapita pembeni. Inachoma kama pilipili kwa nusu dakika. Baada ya dakika kama kumi, kidole kilikuwa cha mtu mwingine. Alikata kidole kimoja cha glavu, akakitoboa nchani, akakivisha kwenye changu na kukikunja kuelekea chini mpaka kikawa pete ya mpira inayozuia damu, akaibana na koleo ndogo. Nilimuuliza koleo ni ya nini. "Ili nisiisahau," alisema. "Pete kama hii ikisahauliwa ndani ya bendeji, kesho hauna kidole." Mpaka leo nikiona mtu amefungwa kidole naangalia kama ncha ina rangi.

Aliinua vile vipande vya ukucha taratibu, kwa kuingiza chombo bapa chini na kukifungua kidogo kidogo, si kwa kuvuta. Chini yake kitanda kilikuwa kimepasuka umbo la nyota, miguu minne. Alikiosha kwa maji ya chumvi ya hospitali, mengi kushinda hata ya mama chai, kwa sababu uchafu ndio adui mkubwa wa mfupa uliovunjika kuliko ukosefu wa vidonge. Hakukata chochote. Nilidhani angepunguza zile kingo zilizochanika ziwe nadhifu, lakini alisema kitanda cha ukucha hakina akiba. Hakinyooshwi kama ngozi ya mkono. Kila milimita unayotupa, unaacha pengo litakalojazwa na kovu, na juu ya kovu ukucha haushiki. Basi akapanga ile nyota kama mtu anayepanga karatasi iliyochanika, akaishona na uzi wa saizi 6-0, wembamba kama unywele, unaoyeyuka wenyewe. Mishono mitano. Mahali pengine hutumia gundi ya kitabibu badala ya uzi, na kazi huisha haraka zaidi.

Kisha alifanya kitu ambacho bado nakifikiria. Alichukua pakiti ya ule uzi, ile karatasi ya fedha inayong'aa, akaikata kwa makasi umbo la ukucha, akaichomeka chini ya mkunjo wa ngozi pale shina la ukucha lilikuwa, na kuishikilia kwa mshono mmoja kila upande. "Huu ndio ukucha wako wa sasa," akasema. Kwa kawaida wangesafisha ukucha wangu mwenyewe na kuurudisha uwe kifuniko, lakini wangu ulikuwa vipande. Kazi ya hiyo karatasi ni kuzuia mkunjo wa ngozi usishikane na kitanda na kuziba njia ya ukucha mpya.

Kazi yangu ya pili ni kusoma sana, na nilisoma. Madaktari walikuwa wakirudisha ukucha namna hiyo kwa miaka mingi bila mtu kuuliza kama inasaidia. Uingereza wakaja kupima: utafiti unaoitwa NINJA, uliochapishwa mwaka 2023, uliwagawa watoto 451 wenye kitanda cha ukucha kilichoshonwa, wengine wakirudishiwa ukucha, wengine ukitupwa. Maambukizi hayakutofautiana kwa maana yoyote, na ukucha uliokua haukuwa mzuri zaidi upande wowote. Hao walikuwa watoto, si wabeba mageti, na wengi wa watoto hujibana kwa milango. Lakini ukiambiwa ukucha wako umetupwa, usilie. Unakuja mwingine. Kilichoshonwa chini ndicho kinachoamua utakuja vipi.

Hapo ndipo nilielewa kidole cha fundi mkuu. Nilimuuliza, akiwa anaweka fimbo kwenye mashine ya kuchomelea. Chake kilikatwa ncha na mkasi wa bati, mfupa ukaondoka kidogo, na aliyemtibu aliivuta ngozi na kitanda cha ukucha kwa nguvu mbele ili wafunge jeraha. Ukucha hukua ukifuata kitanda, na kitanda hulala juu ya mfupa. Mfupa ukiisha kabla ya kitanda, au kitanda kikivutwa kupita ukingo, ukucha unafuata njia hiyo hiyo: unashuka kona. Mimi mfupa wangu ulivunjika lakini ulikuwepo. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki mbili nililala vizuri.

Kulala, kwa kweli, ni kazi. Siku tatu za kwanza, kila ukishusha mkono, kidole kinadunda kama spika ya nganya. Nililala mkono ukiwa juu ya mito miwili. Parasetamo na ibuprofeni zilitosha. Bendeji ya kwanza, ile gozi yenye mafuta isiyoshikana na jeraha, ilibadilishwa baada ya siku mbili. Ikishikana unailowesha kwa maji safi ya vuguvugu mpaka iachie yenyewe, hauivuti. Ubao mdogo wa bati laini ulifunika kiungo cha mwisho tu. Kiungo cha kati aliniamuru nikikunje kila siku tangu wiki ya kwanza. Watu wengi huokoa ukucha halafu wanabaki na kidole kigumu kama ufunguo kwa sababu walikilinda kupita kiasi. Na nilipewa orodha fupi ya kunirudisha hospitali: maumivu yanayoongezeka baada ya siku ya pili badala ya kupungua, usaha, harufu, wekundu unaopanda kuelekea kiganja, homa.

Wiki tatu za kwanza, rula yangu haikusoma kitu. Nilidhani nimefeli. Baadaye nilijua ndivyo ilivyo: baada ya jeraha, ukucha husimama kwa karibu wiki tatu, mwili unashughulika na mambo mengine. Wiki ya tatu ile karatasi ya fedha ilitolewa, na chini yake kitanda kilikuwa cha waridi, kikavu, kigumu kidogo kama ngozi ya kisigino. Kinatisha lakini ni kizima. Mwisho wa mwezi wa pili ndipo ukingo wa ukucha mpya ulichungulia kutoka chini ya ngozi, mnene na wenye tuta, mbaya kwelikweli. Lile tuta ni alama ya siku ambazo kiwanda kilisimama. Linasukumwa mbele kama gari lililoharibika linavyosukumwa na wengine. Kutoka ukingo wa ngozi hadi ncha ya kidole changu ni milimita kumi na mbili. Gawanya kwa tatu: miezi minne. Mwisho wa Machi ulifika nchani, karibu siku niliyoikadiria.

Kazi ya kuandika ilirudi mapema zaidi, kwa mtindo wa ajabu. Kidole cha kati cha kulia ndicho kinachobonyeza I na K kwenye kibodi. Jaribu kuandika Kiswahili bila I na K. Hakuna "ni," hakuna "ki," hakuna "kwa," hakuna mimi mwenyewe. Mwezi wa kwanza niliandika kwa vidole vingine vikiruka huku na kule. Ubao ulipotoka wiki ya nne, ncha ilikuwa haivumilii kuguswa hata na shati. Si maambukizi, ni neva zilizofinywa zikijifunza upya. Zinafunzwa kwa kuguswa, si kwa kufichwa. Mara tatu kwa siku nilikuwa nikitia kidole ndani ya sufuria ya mchele mkavu na kukizungusha dakika tano, halafu nikikisugua na pamba, halafu taulo, halafu jinzi. Wiki sita za hiyo, na K ikarudi.

Bosi wa karakana alinipa elfu mbili na kuniambia pole, na kwamba mimi ni kibarua, "hauko kwenye vitabu." Hapo ndipo nilisoma kitu kingine tena. Sheria ya fidia kwa wanaoumia kazini, ile watu huita WIBA, ni ya mwaka 2007. Inamtaka mwajiri aripoti ajali kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini ndani ya siku saba tangu ajue. Ukishindwa kufanya kazi siku tatu au zaidi, unastahili malipo ya muda ule. Na una miezi kumi na miwili tangu siku ya ajali kuwasilisha dai. Kuhusu vitabu, Sheria ya Ajira, nayo ya mwaka 2007, inatambua mkataba wa mdomo. Mia nane jioni mkononi, siku baada ya siku, ni ajira.

Nilimpelekea bosi nakala ya kadi ya hospitali, ya eksirei, na karatasi niliyoandika mwenyewe: tarehe, saa, mahali, kilichoanguka, majina ya watatu tuliokuwa nao. Nilimwambia kwa heshima, "Bosi, sitaki vita, nataka fomu ijazwe." Alikasirika wiki moja. Kijana aliyetaka kuning'oa ukucha alikubali kuweka sahihi kama shahidi, na hiyo kwake haikuwa rahisi, bado anahitaji zile mia nane kila siku. Mwishowe bosi alilipa wiki nne kamili na nauli za hospitali, bila fomu, na akanisihi tuyamalize hapo. Nilichukua pesa kwa sababu kodi ilikuwa imefika. Ile karatasi yenye majina ya mashahidi ninayo, na dai lina mpaka Septemba.

Sasa ni Julai na Nairobi imeamua kuwa friji. Hii hawakunificha, waliniambia: ncha ya kidole iliyofinywa huchukia baridi, mwaka mmoja, wakati mwingine zaidi. Asubuhi kidole cha kati kinageuka cheupe kabla ya vingine na kinauma kwa ndani, pale kwenye mfupa, mpaka nikishike kikombe cha chai. Ukucha una tuta moja dogo upande wa kushoto ambalo klinikal ofisa anasema nilipe mpaka mwaka uishe ndipo niliite la kudumu. Haujapinda. Haujapasuka. Naweza kuokota bolti.

Karakanani, kwenye rafu juu ya mashine ya kusaga, sasa kuna mkebe wa maziwa ya unga tulioununulia vitu sisi wenyewe: gozi safi, gozi yenye mafuta, bendeji, mkasi, glavu, mfuko wa plastiki wenye zipu, na chupa mbili za maji ambazo hakuna anayeruhusiwa kuzinywa. Fundi mkuu aliandika juu yake kwa chaki ya kupimia: PETE KWANZA.